Swali moja la basi, watoto kumi na mmoja, majibu manne. Nisaidieni kabla ya Jumamosi

#1 DadaTuisheni_Igoma

Mwangaluka wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni.

Nafundisha tuisheni ya jioni hapa Igoma. Nina watoto kumi na mmoja, wengi wao darasa la saba. Jumanne niliwapa swali hili, nalinakili kama lilivyo kwenye karatasi:

*Basi liliondoka Mwanza saa 2.40 asubuhi, likafika kijiji K saa 4.15 asubuhi. Umbali ni kilomita 95. Tafuta mwendokasi wa basi kwa kilomita kwa saa.*

Nilidhani ni swali la kuanzia tu, la kuwachangamsha kabla ya yale magumu. Kanuni wanaijua. Wote kumi na mmoja wameandika umbali gawanya kwa muda, na kugawanya kwenyewe wamegawanya vizuri. Lakini watano wameleta 70.4, wanne wameleta 54.3, mmoja ameleta 60, na mmoja ameandika 1. Moja, akaweka kalamu chini.

Kinachoniumiza ni kwamba hakuna jibu la ajabu hapo. Mtoto akizidisha kilomita 40 kwa saa kwa dakika 45 akapata 1,800, mwenyewe anashtuka kabla sijashtuka mimi, kwa sababu hakuna pikipiki ya kufika Dar na kupitiliza wakati chai haijapoa. Hapa 54 ni mwendo wa basi na 70 ni mwendo wa basi. Aliyekosea hana cha kumshtua.

Jibu najua ni 60. Sijui niwafundishe nini ili kosa hili lisirudi. Yule aliyepata 60 nilimuuliza amefanyaje, akasema "nimehesabu mbele kwa vidole". Nikashindwa kujua hiyo ni njia au ni bahati.

#2 KondaMstaafu

Dada, nimekaa mlangoni mwa mabasi miaka mingi, naomba niseme. Hilo swali halina jibu moja. Ukitoka Nyegezi asubuhi unasimama Usagara, unapakia, halafu askari wanakusimamisha, halafu kuna abiria anashuka na magunia. Dereva anaweza kutembea 80 njia nzima na bado akafika kwa muda huohuo. Huyo wa 70.4 anaweza kuwa sahihi kuliko wewe.

#3 DadaTuisheni_Igoma

Asante kaka. Nimekuelewa, ila swali linataka mwendo wa safari nzima, kuanzia kuondoka mpaka kufika, vituo vikiwa ndani. Sindano ya dashibodi inaweza kusoma 80, ikasoma 0 pale Usagara. Sisi tunachukua kilomita zote na muda wote. Mtoto wa 70.4 hakufikiria vituo, na ndiyo maana nataka kujua hiyo 70.4 imetoka wapi.

#4 KondaMstaafu

Sawa, safari nzima nakubali. Lakini karatasi ingesema "wastani". Hilo silirudishi.

#5 Fundi_wa_Kirumba

Mbona jambo dogo. Tatizo ni vipimo viwili, saa na dakika, vimekaa kwenye sufuria moja. Waambie kila kitu kiwe saa kabla ya kugawanya. Muda ni saa 1 na dakika 35. Dakika 35 gawanya kwa 60 ni 0.58. Kwa hiyo muda ni saa 1.58. Sasa 95 gawanya kwa 1.58 ni 60.13. Jibu sahihi ni 60.13, na huyo mwenye 60 amekadiria tu.

#6 MwlMstaafu_Nyegezi

Marahaba mwanangu DadaTuisheni, na wabeja kwa kuleta karatasi yenyewe badala ya kulalamika kwamba watoto hawasomi. Nilifundisha Hisabati shule za msingi mpaka nilipostaafu. Majibu hayo manne nimeyasahihisha mara nyingi sana, kwa hiyo naomba niyachukue moja moja, kwa sababu kila jibu linakuonyesha mahali mtoto alipoteleza.

Anza na 54.3. Gawanya 95 kwa 54.3 utapata 1.75. Basi hao wanne walisema muda ni 1.75. Imetoka wapi? Wamepanga 4.15 juu, 2.40 chini, wakatoa kama wanavyotoa shilingi na senti. Tano toa sifuri ni tano. Moja toa nne haiwezekani, wakakopa kwenye ile 4, wakapata saba. Tatu toa mbili ni moja. Kutoa kwao hakuna kosa hata kidogo, ila wamekopa saa moja wakaipokea kama 100. Saa ukiikopa inakuja na 60. Ingekuwa 15 na 60 ni 75, toa 40 ni 35. Na ona ubaya wake: wangeandika "saa 1 na dakika 75" wangeshtuka, maana dakika 75 hazikai kwenye saa. Wameandika 1.75, namba safi kabisa, na kwa mtu anayejua desimali ni saa moja na dakika arobaini na tano. Kosa limejificha ndani ya nguo za jibu sahihi.

Sasa 70.4. Gawanya 95 kwa 70.4 utapata 1.35. Hawa watano wamekopa 60 vizuri, wakapata saa 1 na dakika 35, halafu wakaiandika 1.35 na kuipeleka kwenye kugawanya. Hawa wako mbele ya wale wanne kwa hatua moja, na kosa lao ni jingine kabisa. Ukiwafundisha wote tisa somo moja, nusu yao utawafundisha wanachokijua.

Fundi, naomba nisitofautiane nawe sana, kwa sababu wazo lako la kuleta vipimo pamoja ni sahihi. Lakini 60.13 si jibu. Dakika 35 gawanya kwa 60 ni 0.58333, tatu haziishi. Umeikata kwenye 0.58, kwa hiyo umelipunguzia basi muda kidogo, na mwendo ukapanda kidogo. Ukikata zaidi, ukaandika 1.6, utapata 59.4. Namba zinacheza kwa sababu ya ukataji wako, wala si kwa sababu ya basi. Acha muda kama sehemu: dakika 95 juu ya 60. Kugawanya kwa 95/60 ni kuzidisha kwa 60/95. Kilomita 95 mara 60 gawanya kwa 95. Zile 95 zinakatana, inabaki 60 kamili. Huyo mtoto wa vidole hakukadiria.

#7 Fundi_wa_Kirumba

Mwalimu shikamoo. Nimeelewa. Nilikuwa nimeshika kwamba desimali ndiyo usahihi. Kumbe desimali ndiyo iliyoniharibia.

#8 MwlMstaafu_Nyegezi

Marahaba. Inafaa pale dakika zinapogawanyika vizuri kwa 60: 30 ni 0.5, 15 ni 0.25, 6 ni 0.1, 12 ni 0.2. Zile za 20, 40, 10, 35, 50 hazina mwisho mzuri. Watunga maswali wanazipenda hizo, nafikiri kwa sababu zikiwekwa kama sehemu zinakatana vizuri.

#9 NahodhaMwaloni

Naombeni nichangie, ingawa mimi si mtu wa darasani. Kilichonipata ziwani kinafanana na hiki.

Tulikuwa tunapeleka mzigo kisiwani kwa mtumbwi wa mashine, kutokea Mwaloni Kirumba. Mwenye mtumbwi alikuwa amenunua kile kifaa cha GPS cha mkononi, mara ya kwanza kukitumia. Kikaandika safari ni 14.0. Mtumbwi wetu ukiwa na mzigo unatembea kilomita 12 kwa saa, hilo tulilijua. Nikapiga: 14 gawanya kwa 12, saa moja na kidogo. Mashine inakula lita 6 kwa saa. Lita 7 zingetosha, nikaweka 10 kwa usalama.

Petroli ikaisha katikati ya maji tukiwa tunakiona kisiwa kwa mbali. Tulipiga kasia mpaka mikono ikachubuka, giza likaingia, tukachukuliwa na watu wa dagaa. Ndipo mmoja wao akaniambia hiyo 14 imeandikwa pembeni "nm", ni maili za bahari. Sikuwa nimeziangalia zile herufi kabisa.

Baadaye nilipiga hesabu upya: maili 14 ni karibu kilomita 26. Ishirini na sita gawanya kwa 12 ni 2.16. Saa mbili na dakika kumi na sita. Nilihitaji lita 13.

#10 MwlMstaafu_Nyegezi

Nahodha, pole sana, na namshukuru Mungu mlikutwa. Maili ya bahari ni mita 1,852, kwa hiyo 14 ni kilomita 25.9. Hesabu yako ya lita 13 ni sahihi. Hata pale mlipoishia panakubaliana: lita 10 kwa lita 6 kila saa ni saa 1 na dakika 40, na kwa kilomita 12 kwa saa hizo ni kilomita 20. Mlibakiza kama kilomita 6, na kisiwa kwa umbali huo kinaonekana.

Lakini naomba uangalie mstari wako wa mwisho. Umesema 2.16 ni saa mbili na dakika kumi na sita. Hiyo 0.16 ni sehemu ya saa, si dakika. Zidisha kwa 60, utapata kama dakika 10. Safari ni saa 2 na dakika 10.

#11 NahodhaMwaloni

Duh. Ni kosa la watoto wale wale watano, ila mimi nimelifanya kwa kurudi.

#12 MwlMstaafu_Nyegezi

Ndiyo, lina milango miwili. Kuingia: dakika zinageuzwa desimali kwa kuwekewa nukta tu. Kutoka: desimali inasomwa kama dakika. Wengi tunafunga mlango wa kwanza tunasahau wa pili.

#13 Mkazi_Sengerema

Nina hesabu ya daraja letu la Kigongo hadi Busisi, hili la JPM lililofunguliwa Juni 2025. Zamani kwenye kivuko ulikuwa unapanga foleni mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Sasa nimesikia watu wanabishana mtu anavuka kwa muda gani. Daraja kilomita 3. Tuseme gari linatembea 50. Tatu gawanya kwa hamsini ni 0.06. Nimemsikia Mwalimu, kwa hiyo sisomi "dakika 6". Nazidisha kwa 60, napata 3.6. Jibu: dakika 3 na sekunde 6. Nimepatia?

#14 DadaTuisheni_Igoma

Hatua ya kwanza umepatia kabisa. Lakini 0.6 ya dakika nayo uizidishe kwa 60. Ni sekunde 36. Dakika 3 na sekunde 36.

Nimegundua kitu nikiandika hivi: mlango wa kutoka aliousema Mwalimu uko kwenye kila ngazi. Saa kwenda dakika, dakika kwenda sekunde. Ukiupita salama mara moja unaona umeshinda, kumbe uko tena mbele yako.

#15 Mkazi_Sengerema

Sawa dada. Sekunde thelathini nilikuwa nimezitupa ziwani.

#16 Mpangaji_Nyakato

Mimi nataka kulaumu karatasi. Kwa nini tunaandika saa 4.15 kwa nukta? Magazeti yanaandika hivyo, matangazo ya misiba yanaandika hivyo, kadi za harusi zinaandika hivyo. Halafu dakika tano baadaye tunamwambia mtoto nukta ni desimali, 4.15 ni nne na sehemu kumi na tano za mia. Alama moja, maana mbili, kwenye daftari moja. Ingeandikwa 4:15 kwa nukta mbili, nusu ya makosa yangekufa.

#17 Fundi_wa_Kirumba

Nakubaliana na Mpangaji asilimia mia. Kwenye kalkuleta ya simu hakuna nukta mbili, kwa hiyo mtoto angelazimika kufikiri kabla ya kubonyeza.

#18 MwlMstaafu_Nyegezi

Mimi nakubali kwa shingo upande. Nimefundisha kwa vitabu vya nukta moja na vya nukta mbili, na wale wanaokopa 100 niliwakuta kote. Wanapanga 4:15 na 2:40 vizuri kabisa, mkono unakopa kama ulivyozoea. Nukta mbili inasaidia wale wa 70.4 zaidi, kwa sababu wao wanakosea pale wanapohamisha namba kwenda kwenye kugawanya. Lakini siwezi kukuthibitishia ni wangapi.

Mimi silaha yangu ilikuwa mdomo. Sikilizeni. Muulize mtoto yeyote wa Igoma sasa hivi saa ngapi, kama ni 4:15 hatakuambia "saa nne nukta kumi na tano". Atasema saa nne na robo. Ikiwa 4:30 atasema saa nne na nusu. Ikiwa 4:45, saa tano kasorobo. Robo, nusu, kasorobo: hizo ni sehemu za saa tayari, zimo mdomoni mwake tangu hajaanza shule. Lugha imeshamfanyia kazi ya kugawanya kwa 60. Nne na robo ni 4.25, haiwezi kuwa 4.15, na yeye mwenyewe anajua robo ya embe si kumi na tano ya kitu chochote.

Kwa hiyo nilikuwa nakataza kalamu dakika za mwanzo. Soma muda kwa sauti kama unamwambia bibi yako. Saa moja na nusu. Haya, andika "moja na nusu". Hapo anaandika 1½ au 1.5, haandiki 1.30.

#19 DadaTuisheni_Igoma

Mwalimu, hii sikuwahi kuifikiria. Ila je, kwenye 2.40? Hakuna anayesema saa mbili na theluthi mbili.

#20 MwlMstaafu_Nyegezi

Hapo ndipo mdomo unapoishia, umeona mwenyewe. Hatuna neno la mtaani la dakika 20. Tunasema "na dakika ishirini", na dakika 40 ni "kasoro dakika ishirini". Ndiyo maana makosa yanajaa pale. Kwenye nusu na robo mtoto ana fimbo ya kushikilia. Kwenye 20, 40, 10 na 50 anabaki na nukta peke yake.

Kwa hizo namtaka atembee mbele, kama yule mtoto wako wa vidole. Kutoka 2:40 mpaka saa tatu kamili ni dakika 20. Saa tatu mpaka saa nne ni 60. Saa nne mpaka nne na robo ni 15. Jumla 95. Hakuna kukopa, kwa hiyo hakuna wa kukopa 100. Muda mzima uko kwenye dakika. Kilomita 95 kwa dakika 95, kilomita moja kila dakika. Na kilomita moja kila dakika ni kilomita 60 kila saa.

Hiyo ni njia, mwanangu. Haikuwa bahati.

#21 DadaTuisheni_Igoma

Basi na yule aliyeandika 1... yeye hakukosea hesabu!

#22 MwlMstaafu_Nyegezi

Huyo ndiye niliyemwacha mwisho makusudi. Ameiona kilomita moja kwa dakika. Alichoacha ni kipimo. Muulize kwa upole, "moja nini?" Akikujibu "kilomita moja kwa dakika", yuko hatua moja tu kufika, azidishe kwa 60. Akisema "kilomita moja kwa saa", basi muambie basi hilo litamchukua siku nne kasoro kidogo kumfikisha kijijini, na mtu wa miguu atalipita.

#23 Mama_wa_Wawili_Pasiansi

Naomba niulize kama mzazi. Huyo wa 1 utampa alama ngapi? Wangu aliwahi kuandika jibu sahihi bila kipimo akapewa sifuri, alilia mpaka usiku, na tangu hapo hesabu za mwendo hataki hata kuziona. Jina la shule silitaji. Lakini najiuliza kama sifuri ilikuwa haki.

#24 Mpangaji_Nyakato

Mimi ningempa nusu. Njia ni sahihi.

#25 NahodhaMwaloni

Mimi ningempa sifuri, samahani mama. Ile 14 yangu nayo ilikuwa namba sahihi isiyo na kipimo kichwani mwangu. Ziwa halikunipa nusu.

#26 Mama_wa_Wawili_Pasiansi

Kaka, wewe ulikuwa mtu mzima mwenye mzigo. Huyu ana miaka kumi na miwili.

#27 MwlMstaafu_Nyegezi

Mama, mimi nilikuwa nampa alama za njia na kumnyima ya jibu, halafu namwita mezani. Wenzangu wengi hawakukubaliana nami, na mtihani wa kuchagua herufi hauna alama za njia hata kidogo. Ndiyo ugumu wenyewe: kwenye swali la kuchagua, mtunzi mzuri anaweka 54.3 na 70.4 palepale pembeni ya 60. Anawasubiri.

#28 Fundi_wa_Kirumba

Mwalimu, basi mtoto akiwa mbele ya herufi zile, na amepata 70.4 na inaonekana hapo kwenye karatasi, atajuaje kwamba amekosea?

#29 MwlMstaafu_Nyegezi

Arudishe basi barabarani, kwa muda wa kwenye saa ya ukutani, si kwa desimali yake. Akirudia kuzidisha 70.4 kwa 1.35 atapata 95 na atajipongeza, kwa sababu anarudi kupitia mlango uleule mbovu. Asitumie hiyo 1.35 tena.

Aseme hivi: saa ya kwanza basi limekwenda kilomita 70. Zimebaki dakika 35, ambazo ni zaidi ya nusu saa. Kwa nusu saa peke yake ni kilomita 35 nyingine. Tayari ni 105, basi limeshapita kijiji. Kwa hiyo 70 ni kubwa mno.

Na wa 54.3: saa ya kwanza kilomita 54. Dakika 35 ni nusu saa na kidogo, tumpe kilomita 32. Jumla 86, bado hajafika. Mwendo ni mdogo mno.

Jaribu 60: saa ya kwanza 60, dakika 35 ni kilomita 35, jumla 95. Limefika. Ni kichwa tu, hakuna kalamu, na inamchukua muda mfupi kuliko kugawanya mara ya pili.

#30 KondaMstaafu

Hii nimeipenda, maana hata sisi ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Dereva akisema tutafika saa nne kamili, unaangalia mawe ya kilomita na saa yako. Kilomita moja kwa dakika ukiwa 60. Ukiwa 80, kilomita nne kwa dakika tatu. Hakuna aliyewahi kunifundisha kugawanya kwa 60.

Lakini nina la kwangu. Kuna mgeni kutoka Nairobi alikata tiketi kwetu ikaandikwa kuripoti saa 12:30. Basi lake lilikuwa la alfajiri. Yeye alikuja mchana, na begi lake, anatabasamu. Tuliumia sote. Hilo nalo si kosa la vipimo?

#31 DadaTuisheni_Igoma

Kaka, hilo ni la saa ya Kiswahili na saa ya tarakimu za simu, linatofautiana kwa masaa sita. Ni baya kwa msafiri, lakini kwenye hesabu ya muda wa safari halidhuru ilimradi kuondoka na kufika kumeandikwa kwa mtindo mmoja. Kutoka 2:40 hadi 4:15 ni dakika 95, na kutoka 8:40 hadi 10:15 ni dakika 95 zilezile. Linadhuru pale kuondoka kumeandikwa kwa mtindo mmoja na kufika kwa mwingine. Sijawahi kuliona kwenye mtihani.

#32 KondaMstaafu

Kwenye tiketi nimeliona.

#33 DadaTuisheni_Igoma

Wakuu, nimerudi na ya Jumamosi.

Niliwagawa kama Mwalimu alivyosema. Wale wanne niliwakalisha na saa ya ukutani niliyoishusha, wakatembeza mshale kwa mkono kutoka 2:40. Hakuna aliyekopa 100 tena, kwa sababu hakuna aliyekopa. Wale watano niliwanyang'anya kalamu tukasoma muda kwa sauti. Yule wa 1 nilimuuliza moja nini, akasema haraka sana "kwa dakika, mwalimu, sikuona pa kuandika". Kwenye karatasi palikuwa na nafasi ndogo kweli.

Halafu nikawapa jipya: mtumbwi unaondoka saa 3:50 na kufika saa 5:05, umbali kilomita 15. Tisa wamepata 12 kilomita kwa saa. Mmoja alikosea kugawanya tu.

Wa kumi na moja ndiye ananirudisha kwenu. Alitembea mbele vizuri, akapata dakika 75, akasema kwa sauti "saa moja na robo", akaandika 1.25, akagawanya, akapata 12. Vyote sahihi. Nikamwambia aandike na muda wa safari kwenye sentensi ya jibu. Akaandika: "Mtumbwi ulitumia saa 1 na dakika 25."

Robo ameisema mwenyewe kwa mdomo wake, dakika moja kabla.

#34 MwlMstaafu_Nyegezi

Mlango wa kutoka. Usimsahihishe bado. Jumanne mpe saa ya ukutani, mwambie asogeze mshale dakika 25 kutoka saa nne kamili, kisha akuambie bila kuandika kama hapo ni robo. Nataka kujua atasema nini kabla sijakushauri zaidi.

#35 DadaTuisheni_Igoma

Sawa Mwalimu. Jumanne jioni nitaandika hapa.